Umetoswa kwenye mtoko: unune, urushe fumbo, uulize grupuni au umpigie mwandaaji?

Nilichokiona kwanza ni deli. Picha ilikuwa ya wanawake watano ndani ya boti inayotoka Kunduchi kwenda kisiwa cha Mbudya, wamevaa maboya ya rangi ya chungwa, jua limewapiga usoni, wanacheka. Miguuni mwao kuna deli la bluu ambalo mfuniko wake umezungushiwa gundi ya karatasi. Deli hilo ni langu. Gundi ile niliibandika mwenyewe baada ya bawaba kukatika. Jumatano jioni shoga yangu wa Tabata alipita nyumbani kuliazima, akasema ana shughuli ya kifamilia. Sasa ni Jumamosi saa kumi jioni, nimekaa barazani nachambua mchele, na deli langu limekwenda Mbudya bila mimi.

Grupu letu lina watu sita. Watano walikuwa kwenye boti.

Naandika haya kwa sababu nimekaa pande zote mbili za jambo hili. Nimetoswa mimi, na mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa mimi mwandaaji wa mtoko wa Bagamoyo nikamwacha mwenzetu wa Mbagala. Kwa hiyo najua kila jibu linavyohisi ukiwa unalitoa, na najua pia linavyopokelewa upande wa pili, na mambo hayo mawili hayafanani hata kidogo.

Hesabu vichwa kabla ya kuumia

Kabla ya kuchagua jibu, tazama tena ile picha uhesabu. Ukiwa na marafiki wanane na wametoka watatu, hujatoswa. Watu watatu wamekutana, basi. Huenda wanakaa mtaa mmoja, huenda walikuwa kwenye foleni moja ya benki wakaamua kwenda kula chipsi. Na kama ni sherehe ya kuzaliwa ya mmoja wao, au gari ni la shemeji yake mtu na yeye ndiye aliyealika, orodha haikuwa ya grupu, ilikuwa ya mwenye shughuli. Hapo hakuna la kuuliza.

Mambo hubadilika pale walioachwa wanapokuwa wachache kuliko waliokwenda. Watano kati ya sita maana yake kuna mahali jina lako lilitajwa, au kuna mtu alikaa na orodha kichwani akaliruka. Mtoko wa Mbudya hauibuki tu asubuhi. Boti inatafutwa, mchango unakusanywa, mtu anaulizwa kama atakuja na watoto, na siku hizi hufunguliwa grupu la muda lenye jina la safari yenyewe. Kila hatua kati ya hizo ilikuwa nafasi ya kukuita. Ukishajua hilo una haki ya kutaka kufahamu, ila bado hujui sababu. Hilo la kutojua sababu ndilo litakaloamua ni jibu gani linafaa na lipi litaharibu.

Usiku wa kwanza usijibu lolote

Mtafiti mmoja wa Marekani, Kipling Williams, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Purdue, alianza kuchunguza maumivu ya kutengwa baada ya tukio dogo sana. Alikuwa amekaa bustanini na mbwa wake, kisahani cha plastiki cha kurushiana kikamgonga mgongoni. Akakirudisha kwa vijana wawili waliokuwa wakicheza, nao wakamrushia tena, akaingia mchezoni kwa dakika chache. Kisha bila neno wakaacha kumrushia. Hakuwajua, asingewaona tena, lakini aliumia. Baadaye yeye na wenzake walitengeneza mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira ambamo mshiriki huachwa makusudi, na mwaka 2004 wakaonyesha kwamba watu waliumia hata walipoambiwa wazi kuwa wanaocheza nao ni kompyuta tu, si binadamu.

Mimi huchukua funzo moja la kazi hapo. Maumivu ya mwanzo hayapimi kama ulitengwa kwa makusudi au kwa bahati mbaya. Yanakuja sawasawa, halafu akili ndiyo inayofuata nyuma kutafuta maana. Kwa hiyo kile unachotaka kuandika saa kumi na robo, picha ikiwa bado mkononi, kinatoka kwenye yale maumivu ambayo hayajui chochote. Zima simu. Malizia mchele. Lala. Kesho yake jioni utakuwa bado umeumia, lakini utaweza kusema umeumizwa na nini hasa: kuachwa, kufichwa, au kuona wengine wote wakicheka. Mimi kilichoniuma zaidi kilikuwa kufichwa. Mbudya nimeshakwenda mara nyingi. Ni lile deli.

Natamani ningesema nililala. Sikulala, na hapo tunafika kwenye jibu la kwanza.

Fumbo la stetasi

Saa tatu usiku niliandika kwenye stetasi yangu: "Wanaokuhitaji kwa vitu vyako si lazima wakuhitaji wewe." Nikaweka na maua. Nilijiona nimesema.

Sisi watu wa pwani tumelelewa na mafumbo, na sioni aibu kulisema. Bibi zetu walivaa kanga yenye maneno kama "Hasidi hana sababu", wakapita nayo mbele ya mlango wa mhusika wakienda kisimani, na ujumbe ukafika. Lakini kanga ilikuwa na mambo mawili ambayo stetasi haina. Ilipitishwa mbele ya mtu mmoja, kwenye mtaa ambamo kila mtu alijua ugomvi ni wa nani na nani. Na aliyepigwa fumbo angeweza kujibu kwa kanga yake siku ya pili. Stetasi inakwenda kwa kila mwenye namba yako.

Kufikia asubuhi watu 61 walikuwa wameiona. Mama mdogo alipiga kutoka Tanga saa moja asubuhi: "Mwanangu, una nini? Mume kakufanyaje?" Mwenzangu mmoja wa kazini, ambaye aliazima pasi yangu wiki ile, alikuja Jumatatu kuirudisha hali hajaimaliza shida yake, uso umemshuka. Nilipata taabu kumweleza kwamba halikumhusu. Na wale watano? Wawili waliiona, majina yao nikayakuta kwenye orodha. Hakuna aliyesema kitu. Wasingeweza kusema kitu hata wangetaka, maana kulijibu fumbo ni kukiri kwamba limekupata.

Faida ya fumbo ni moja tu: linatoa mvuke. Hasara yake ni kwamba ukishalirusha, mwandaaji anaacha kujiuliza kama alikukosea na anaanza kujiuliza namna ya kujilinda. Nililifuta asubuhi ile, ingawa stetasi ingejifuta yenyewe baada ya saa 24. Kama unahitaji kutoa mvuke, andika kwenye karatasi, au mwambie dada yako asiyewajua watu hao.

Kuuliza grupuni

Hili lina sura mbili, na tofauti yake ni kubwa.

Sura ya kwanza ni kuuliza kwa uzito: "Jamani, naona mmeenda Mbudya, mbona mimi sikuambiwa?" Neno kwa neno halina ubaya. Tatizo ni mahali. Umewauliza watu watano swali moja, na aliyefanya uamuzi ni mmoja. Wanne wataangaliana pembeni, kwenye mazungumzo usiyoyaona, wakikubaliana nani ajibu na ajibu nini. Litakalorudi grupuni ni jibu la kamati: "Pole mwaya, ilikuwa ghafla tu." Umeshapewa jibu mbele ya watu, na kulikataa ni kumwita mtu mwongo hadharani. Ukijuta ukaufuta ujumbe, alama ya kwamba umefutwa inabaki pale, nayo huzungumziwa kuliko ujumbe wenyewe.

Sura ya pili ni utani. Shemeji yangu ana kundi la wanaume wanaotazama mpira pamoja Sinza. Walipokwenda Morogoro bila yeye aliwaandikia: "Kumbe mmeniacha solemba! Faini ni mbuzi mmoja, na ndimu mnunue nyie." Wakacheka, wakalipa faini ya nyama choma wiki iliyofuata, yakaisha. Utani ulifaa pale kwa sababu kundi zima hutaniana hivyo kila siku, na kwa sababu kweli hakuwa na kinyongo. Alitaka wajue ameona, basi. Mwenye kinyongo akijaribu utani, sauti inamsaliti. Huandika "hahaha" tatu na wote wanasikia meno yanavyosagana. Mimi nisingeweza.

Kwa hiyo kama ni lazima uchague kati ya hizi mbili: utani ukiwa umeumia kidogo na kundi ni la watani, na uzito usiupeleke grupuni kamwe.

Kununa na kupotezea

Watu huyachanganya haya kwa sababu kwa nje yanafanana. Yote mawili ni kukaa kimya. Kupotezea ni kuamua kwamba jambo hili si kubwa, na kuliacha liende. Kununa ni kulishika kwa nguvu zote na kusubiri mwenzako aone umelishika.

Njia ya kujua uko kwenye lipi ni rahisi. Baada ya wiki moja, mmoja wao akikutumia picha ya mtoto wake, unajibu kama ulivyokuwa unajibu zamani? Ukikutana na mtu wa pembeni, habari ya mtoko inatoka mdomoni kabla hujaulizwa? Kama unajibu kwa neno moja, na hadithi umeshawasimulia watu watatu, hujapotezea. Umenuna.

Kupotezea kwa kweli ni jibu zuri kwa mara ya kwanza, hasa kama hukuwa na ukaribu mkubwa na walioandaa. Sina neno juu yake. Kununa ndiko ninakotaka kukuonya, na hapa nitaeleza nilichokiona nikiwa mwandaaji.

Nilipoandaa mtoko wa Bagamoyo, mwenzetu wa Mbagala alikuwa amejifungua miezi miwili nyuma. Tulikuwa na Noah moja, tunaondoka alfajiri, tunapitia magofu ya Kaole kabla ya jua kuwa kali, na nikajisemea kwamba mzazi na mtoto mchanga hawatayaweza. Sikumuuliza. Niliamua kwa niaba yake na nikajiona nimemhurumia. Aliona picha akanuna. Akaacha kuandika grupuni, meseji zangu akawa anazijibu kesho yake au hajibu.

Mimi nilisomaje ukimya huo? Nilisema, "Maskini, mtoto anamchosha." Mtoko uliofuata sikumwita tena, kwa sababu ile ile, na sasa nilikuwa na ushahidi. Yeye kule kwake aliona ameachwa mara ya pili, akanuna zaidi. Tulikwenda hivyo miezi mitano, yeye akisubiri nigundue, mimi nikiona kila siku dalili mpya kwamba niko sahihi. Aliponiambia hatimaye, jikoni kwangu, machozi yakimtoka, alisema, "Ningekuja. Mama yangu alikuwa tayari kubaki na mtoto."

Hiyo ndiyo hasara ya kununa ambayo anayenuna haioni. Ukimya wako hausomwi kama ulivyouandika. Husomwa kwa miwani ya ile sababu iliyokufanya uachwe. Aliyekuacha akidhani huna nafasi ataona huna nafasi, na aliyekuacha akidhani huna hela ataona unajificha kwa sababu ya hela.

Na kujitoa grupuni ni kununa kwa mlango mkubwa zaidi. WhatsApp siku hizi huwaarifu maadmini tu mtu anapotoka, lakini kwenye grupu la watu sita, kutoka kwako kutajulikana kabla ya chakula cha jioni, na jina lako litakaa kwenye orodha ya waliokuwemo kwa siku 60.

Mtu wa kati, au mwandaaji mwenyewe?

Baada ya lile fumbo la stetasi kuniaibisha, Jumapili mchana nilimpigia mwenzetu wa Mbagala. Yeye alikuwa kwenye boti, na nilijua kwa yaliyotupata hatanidanganya. Nilimuuliza kama walikwenda Mbudya. Akanyamaza kidogo, akasema, "Tulikwenda. Niliuliza uko wapi, nikaambiwa hutaweza. Lakini usinitume mimi, shoga. Muulize mwenyewe."

Naona alinifanyia wema mkubwa. Mtu wa kati anafaa kwa kazi moja: kukuambia nani alikuwa na orodha. Akiendelea zaidi ya hapo, akaanza kupeleka na kuleta maneno, kila neno linaongezeka chumvi njiani, na mwisho wa siku kuna watu watatu wenye ugomvi badala ya wawili. Kwa hiyo sioni kama mtu wa kati na mwandaaji ni njia mbili za kuchagulia. Mtu wa kati ni dakika mbili za kupata jina, kisha unakwenda kwa mwenye jina.

Nilimpigia shoga yangu wa Tabata Jumatatu saa mbili usiku. Si Jumapili, maana Jumapili bado walikuwa wanarushiana picha na mtu aliyechoka na jua hujibu hovyo. Nilipiga, sikuandika. Ujumbe wa maandishi unasomwa kwa sauti ya msomaji, na msomaji mwenye hatia husoma kila kitu kwa ukali. Ujumbe wa sauti ni afadhali, ila unaweza kusikilizishwa wengine.

Nilianza na salamu kamili. Habari za tangu juzi, mtoto ameshapona kikohozi, mama Tabora anaendeleaje. Sikuwa naficha kitu. Ukimrukia mtu bila salamu, umeshamwambia kwamba hii ni vita. Kisha nikasema maneno niliyoyapanga mchana kutwa:

"Shoga, nina jambo limenikaa moyoni, nikaona nikuulize wewe mwenyewe badala ya kulizungusha. Niliona picha za Mbudya. Mimi sikuwa na habari ya ule mtoko. Ilikuwaje?"

Niliyachagua hayo nikiyalinganisha na yale yaliyokuwa yananijia kwanza, yaani "Kwa nini hamkuniambia?" Tazama tofauti. "Hamkuniambia" imewakusanya watu watano kwenye kosa moja, na yule mmoja aliyeshika simu anajikuta akiwatetea wenzake. "Kwa nini" inadai sababu, na mtu anayedaiwa sababu hutafuta iliyo nzuri kuliko iliyo ya kweli. "Sikuwa na habari" ni jambo lililotokea kwangu, hakuna wa kulibishia. Na "ilikuwaje" inamwachia mlango aanze hadithi mahali anapotaka. Baada ya hapo nilinyamaza. Kunyamaza ni sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu kimya cha simuni kinakusukuma umsaidie mwenzako kwa kusema "au labda mlisahau tu". Usimsaidie. Ukimpa sababu ya bure ataichukua, na ile ya kweli hutaisikia.

Alikaa kimya, nikasikia anafunga mlango. Kisha: "Mwaya, nilijua utaliona deli."

Akanieleza. Mwezi wa pili, baada ya mkataba wangu wa kazi kuisha na kabla sijapata hii niliyonayo, nilijitoa kwenye michango miwili mfululizo, wa kitchen pati na wa sherehe ya mtoto. Mara zote mbili niliandika grupuni, "Sina, mnisamehe." Mbudya ilikuwa 45,000 kwa kichwa, boti na kiingilio na samaki. Akaona akiniweka kwenye orodha nitalazimika kuandika tena "sina" mbele ya wote, kwa mara ya tatu. "Nikaona nikunyamazie. Nilidhani nakustahi."

Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba wamenichoka. Hili sikulitarajia, na liliuma kwa namna nyingine. Nilimjibu: "Nimekuelewa, na ahsante kwa kunifikiria. Ila kukataa niachie mimi. Niambie kama unavyowaambia wengine, na kama sina, nitasema sina kwa mdomo wangu. Na ukiona ni aibu grupuni, nipigie pembeni." Sikuongeza habari ya kuumia. Ombi moja linalotekelezeka lilitosha, na hata leo naona lilifanya kazi kuliko masikitiko yangu yote yangefanya.

Kuhusu deli nilimwambia tu, "Siku nyingine sema linakwenda baharini, nitalifunga vizuri." Akaomba radhi kwa hilo peke yake, na ile ndiyo radhi niliyokuwa naihitaji.

Simu kwa mwandaaji isipofaa

Si kila mara. Kama mwandaaji si rafiki yako, mathalani ni mfanyakazi mwenza wa mmoja wenu aliyetoa gari, hana deni nawe, na kumpigia ni kumbebesha lisilo lake. Kama unajua umekorofishana na mmoja ndani ya kundi, mwandaaji alikuwa kati ya mawe mawili, akachagua. Nenda kwa uliyekorofishana naye.

Na kama hii ni mara ya tatu au ya nne na uliwahi kuuliza, usiulize tena. Umeshajibiwa. Hapo tazama mambo mawili. La kwanza ni sababu walizokupa huko nyuma: zilikuwa na umbo, kama vile hela, nafasi ya gari, mtoto, zamu ya kazi, au zilikuwa "ilikuwa ghafla" na "tulisahau" kila mara? Sababu yenye umbo inaweza kuondolewa. Deli lililoazimwa Jumatano kwa safari ya Jumamosi si ghafla, na kama shoga yangu angesema ilikuwa ghafla, ningejua. La pili ni nani huanza mawasiliano. Pitia simu yako mwezi mmoja nyuma. Kama salamu zote umeanza wewe, kundi limeshahama na wewe umebaki unalinda kiwanja.

Ikiwa hivyo, usiitishe kikao na usiandike waraka wa kuaga. Zima arifa za grupu, ficha stetasi zao zisikuume kila jioni, na uendelee na wale mmoja mmoja ambao mkikutana wawili mnaongea vizuri. Mara nyingi huwa yupo mmoja au wawili. Hao ndio waliokuwa marafiki, kundi lilikuwa usafiri tu.

Kwangu haikufika huko, na namna ya kujua haikuwa ile radhi ya simuni, maana radhi ya simuni kila mtu anaiweza. Nilingoja mtoko unaofuata. Wiki nne baadaye ujumbe ukaingia grupuni, majina sita yamepangwa, langu la pili: Kigamboni, Jumapili, kila mtu na chakula chake, mchango 15,000. Nilikwenda. Mwezi uliofuata ukaja mwingine, wa Zanzibar siku mbili, na bei yake sikuiweza. Jina langu lilikuwemo vilevile. Niliandika palepale grupuni:

"Safari hii sina, wapendwa. Nendeni salama. Deli njooni mlichukue."